Sura ya Saba: Mteja Kanisifia, Niandike Nini?

Mteja amevaa gauni, limemkaa, watu wamemwangalia, naye amekuandikia ujumbe wa kukushukuru. Unataka na wengine wauone. Sasa uandike nini pale chini ili usionekane unajisifu, wala usionekane unaombaomba kazi? Mafundi cherehani hawaachi kuuliza swali hili, na wengi hulijibu kwa haraka. Wanapiga picha ya ujumbe, wanaitupia kwenye Status, yaani ule ukurasa wa WhatsApp ambao picha na maneno hukaa saa 24 kisha hufutika, wanaongeza mioyo mitatu na maneno "Asanteni wateja wangu, karibuni sana". Wanaoangalia ni wengi. Anayeuliza bei hakuna.

Wengine wakiona hivyo huamua kwamba watu hawana hela. Huenda ni kweli, lakini kabla ya kufika huko tuiangalie posti yenyewe. Mara nyingi kosa lake ni moja: imeonyesha kwamba mtu fulani amefurahi, bila kumwonyesha msomaji kwa nini na yeye asiogope.

Anayesoma anaogopa nini

Ukiingia duka la nguo, gauni unaliona, unalijaribu, ndipo unalipa. Kwa fundi mambo yamegeuzwa. Unatoa kitambaa chako, unatoa advansi, yaani sehemu ya malipo kabla ya kazi kuanza, halafu unakwenda nyumbani kusubiri kitu ambacho hakijakuwepo. Umenunua ahadi.

Kila aliyewahi kushonesha nguo anazijua hofu tatu zinazotokana na hali hiyo. Ya kwanza ni tarehe: "njoo kesho" ya fundi imekuwa utani wa mjini, na mafundi wenyewe ndio tulioulisha utani huo mpaka ukanenepa. Ya pili ni kitambaa: kitenge umekinunua kwa hela yako, kikikatwa vibaya hakiungiki, na pengine kipande kilichobaki hukioni tena. Ya tatu ni umbo: picha uliyomwonyesha fundi ilikuwa ya mwanamitindo, nguo uliyopewa inakubana kwapani na kukupwaya kiunoni.

Bei huja baada ya hizo. Mtu anayeamini kwamba nguo itatoka siku aliyoambiwa na itamkaa hukubali kuongeza kidogo. Asiyeamini hata ukishusha bei atakwenda kununua ya dukani. Kwa hiyo ujumbe wa mteja unaofaa kuposti ni ule unaogusa hofu mojawapo kati ya hizi tatu.

Ujumbe upi uposti, upi uuache

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao mpaka mwisho wa sura. Fundi ni mwanamke, ana chumba kidogo cha kushonea Dar es Salaam, cherehani moja na binti mmoja wa kumsaidia kutarizi, kushona vifungo na kupiga pasi. Kazi yake kubwa ni magauni ya kitenge. Wiki hii amepokea jumbe mbili.

Wa kwanza unasema:

"Dada umetishaaa! Nimependa sana, Mungu akubariki."

Wa pili unasema:

"Dada fundi asante jamani. Mimi nilijua utanizungusha maana nilikuja Jumatatu na harusi Jumamosi, lakini Alhamisi gauni lipo mkononi. Siku tatu tu! Na nilikwambia lile la mwanzo kwa fundi mwingine lilinibana nikiinua mikono, hili nimecheza mpaka saa nane usiku halijapanda wala kubana. Watu wananiuliza nimeshonesha wapi."

Ujumbe wa kwanza ni mtamu kwa fundi. Ajibu kwa moyo mkunjufu na aishie hapo, maana msomaji hawezi kuutumia kwa lolote. Ungeweza kutumwa kwa msusi, kwa muuza keki au kwa dereva wa bajaji. Wa pili umebeba kila kitu. Una hofu ya kuzungushwa na jibu lake, una hofu ya kubanwa na jibu lake, na una nguo ambayo imetoka chumbani kwa fundi ikakutana na maisha: imecheza harusini hadi saa nane.

Angalia pia kwamba umeanza na shaka. "Nilijua utanizungusha." Mafundi wengi wangekata sentensi hiyo kabla ya kuposti, wakiona inawachafua. Mimi nasema ndiyo sentensi ya thamani kuliko zote, kwa sababu yule anayesoma naye anawaza hivyohivyo, na sasa amekutana na mwenzake aliyewaza kama yeye kisha mambo yakaenda vizuri. Iache. Acha na "jamani", acha na makosa ya herufi. Ujumbe ukisharekebishwa ukanyooka kama barua ya kiofisi, watu wanahisi umeandikwa na fundi mwenyewe.

Je, kama wateja wako huandika "umetisha" tu? Basi waulize, tena siku mbili tatu baada ya shughuli. Usiulize "Umependa?", kwa sababu jibu litakuwa "Sana". Uliza kitu kinachojibika kwa maelezo: "Dada, gauni lilikuwaje ulipokaa na ulipocheza? Kuna mahali palibana?" Akisema palibana, umepata kazi ya kurekebisha kabla hajaenda kulalamika kwa mashoga zake. Akisema palikaa sawa, atakueleza wapi, na hapo umepata maneno ya kuposti.

Ruhusa kwanza

Mteja alikuandikia wewe. Hakuandikia watu mia tatu walioko kwenye simu yako, na miongoni mwao huenda yumo wifi yake. Ruhusa huombwa hivi:

"Dada, maneno yako yamenipa nguvu. Naomba niyaweke Status pamoja na picha ya gauni? Jina na namba nitaficha, na uso pia kama hupendi. Ukisema hapana hakuna shida kabisa."

Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu asiyeachiwa mlango wa kukataa hukubali kwa aibu, halafu hukununia. Na asipojibu, usihesabu kuwa amekubali.

Hili si suala la adabu peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi ni kitu chochote kinachoweza kumtambulisha mtu: jina, namba ya simu, sura yake. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya huko ilitangaza faini kwa sehemu moja ya starehe jijini Nairobi iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake: shilingi 1,850,000 za Kenya. Wakati huohuo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Fundi mwenye kichumba na cherehani moja hafanani na sehemu ya starehe ya Nairobi, lakini picha ya mteja ni picha ya mteja. Na ukishona sare za watoto, anayeombwa ruhusa ni mzazi.

Ukishakubaliwa, ficha vizuri. Ukipiga picha ya skrini, jina la mteja na picha yake ndogo huwa juu kabisa. Hapo kata tu, usipake rangi. Kama jina limetajwa katikati ya ujumbe, lifunike kwa rangi nzito. Ile kalamu ya kung'arisha maandishi, inayopitisha mwanga, haifichi kitu: mtu akiongeza mwanga wa picha jina linasomeka chini yake. Kisha ikuze picha uikague kwa jicho la mtu mbea. Mara nyingine namba imefichwa juu, lakini katikati yupo mteja anasema "mlete bodaboda nyumba ya geti la kijani nyuma ya msikiti". Mtaa mzima umeshamjua.

Vitu viwili usiviweke hata kwa ruhusa. Kimoja ni vipimo. Fundi anayeandika "amevaa hipsi 52 na limemkaa" anadhani anawatia moyo wanawake wanene. Kumbe kila mwenye mwili anawaza vipimo vyake navyo vitasomwa na nani. Kingine ni nguo ya shughuli ambayo haijafika. Bibi harusi akiiona shela yake kwenye Status ya fundi siku mbili kabla ya ndoa, hakuna asante itakayoponya jambo hilo, na sare za kamati ni vivyo hivyo. Subiri shughuli ipite.

*Kwa ufupi, kufikia hapa: tumechagua ujumbe unaotaja hofu, tumeuacha ulivyo, tumeomba ruhusa kwa namna inayokatalika, tumemficha mwenye ujumbe, na shughuli imeshapita.*

Asante yenye kitu ndani

Sasa maneno yako. Huu ndio mstari ambao mafundi huuharibu kwa wingi wa shukrani. "Asante sana mteja wangu kipenzi kwa kuniamini, bila nyinyi mimi si kitu, Mungu awabariki muongezeke" ni maneno mazuri ya kumwambia mteja ana kwa ana. Kwa msomaji wa tatu hayana habari. Tena huanza kumfanya ahisi anasikiliza mazungumzo yasiyomhusu.

Asante nzuri ina sehemu mbili: neno la shukrani, fupi, kisha jambo moja kuhusu kazi ambalo mteja hakuliona lakini fundi analijua. Mteja kasema gauni halikupanda alipoinua mikono. Kwa nini halikupanda? Hapo fundi ana cha kusema.

Kitenge ni pamba iliyofumwa na hakivutiki. Gauni la kitenge likikubana ukiinua mkono, wengi hudhani kwapa lilikatwa dogo, kwa hiyo fundi asiyejua huongeza kulichimba chini. Matokeo huwa kinyume. Kwapa likishuka, mkono wa gauni unaanzia chini, karibu na mbavu; ukiinua mkono unavuta mwili mzima wa gauni kwenda juu, kiuno kinapanda, na mgongoni panakaza. Kwapa likikaa juu, karibu na kwapa la mwili wenyewe, mkono unainuka peke yake na gauni linabaki mahali pake. Unabakiza nafasi kidogo tu ili nguo isikate ngozi. Namna ya kujua ni rahisi: siku ya kujaribu, mwambie mteja ainue mikono kama anayepiga vigelegele na kutupa leso juu, halafu utazame mshono wa kiuno. Ukipanda sana, kwapa limeshuka mno. Na kulipandisha baada ya kukata ni kazi ngumu, kwa sababu kitambaa kilichoondolewa hakirudi. Ndiyo maana fundi mzoefu hukata kwapa dogo kwanza, akajaribisha, ndipo akaongeza.

Mambo yote haya hayaingii kwenye posti. Yanaingia kwa sentensi moja:

"Asante dada yangu. Ulinieleza mapema lile la kwanza lilivyokubana, ndiyo maana nilikupandishia kwapa na nikakuinuisha mikono siku ya kujaribu."

Ona kilichotokea. Fundi hakusema "mimi ni bora". Amemshukuru mteja kwa kueleza shida yake mapema, amefundisha jambo dogo, na ametaja kwa kupitia tu kwamba kwake kuna siku ya kujaribu. Wala hakumsema fundi wa kwanza. Mteja anaweza kumtaja. Wewe usiongeze neno. Fundi anayemcheka mwenzake kwenye Status anamfundisha msomaji kwamba mafundi huharibu nguo, na yeye mwenyewe ni fundi.

Kwa kazi nyingine jambo hilo moja litakuwa jingine. Kwenye suruali huenda ni urefu wa paja na nafasi ya kukaa, kwenye kanzu ni kola na mabega, kwenye gauni la lesi ni bitana, yaani kitambaa cha ndani kinachozuia nguo kuonyesha mwili. Chochote kile, kiwe kinajibu kile mteja alichosifia. Akisifia bitana, usieleze zipu.

Sifa ya mteja inageuka ahadi yako

Rudi kwenye ujumbe wa mfano na usome tena maneno haya: "Siku tatu tu!" Hapo pana mtego, na nadhani ndio mtego mkubwa kuliko yote katika kazi hii ya kuposti sifa.

Siku tatu zilipatikanaje? Mteja alikuja Jumatatu amechanganyikiwa, fundi akasogeza oda nyingine mbili kwa kuwaomba wenyewe, akakesha usiku mmoja, na mteja akaongeza shilingi 15,000 juu ya ufundi kwa ajili ya haraka. Mteja hakuyaandika hayo kwa sababu yeye kilichomfurahisha ni Alhamisi. Ukiiposti sifa hiyo hivihivi, kesho wanakuja watu watano na vitenge vyao, kila mmoja anataka siku tatu kwa bei ya kawaida. Ukikataa, wa kwanza atasema, "Mbona yule ulimtolea?" Ukikubali, wote watano utawaambia "njoo kesho", na utakuwa umerudi kwenye utani ule wa mjini kupitia sifa yako mwenyewe.

Usikate maneno ya mteja. Weka pembeni yake ukweli wa kazi yako:

"Hiyo ilikuwa oda ya dharura, yenye nyongeza yake. Kwa kawaida gauni nalitoa siku kumi baada ya kupokea kitambaa na vipimo."

Kuna fundi ataona sentensi hiyo inapunguza utamu. Inaupunguza, na inafaa kuupunguza. Aliyesoma siku kumi akaja, anakuja akijua ni siku kumi; ukimpa ya tisa atakuandikia ujumbe mwingine mzuri.

Kwa hiyo, kila sifa uisome kwa swali hili: wateja kumi wakija kesho wakitaka hichihichi, naweza? Jibu likiwa "hapana", maelezo yaingie. Vitu vya kuvisaka ni hivi:

- Siku chache kuliko kawaida yako.
- Bei uliyompunguzia kwa sababu ni ndugu, jirani au mteja wa miaka mingi.
- Kumfuata nyumbani kumpima, ikiwa ulifanya hivyo kwa kuwa anauguza tu.
- Mshono ambao huwa hushoni peke yako, kwa mfano uliopelekwa kwa mtu wa kutarizi kwa mashine.

Mwaliko usiosukuma mtu

Mwaliko wa upole hauhitaji maneno mengi ya upole. Unahitaji habari. Msomaji aliyevutiwa anataka kujua mambo manne: nafasi ipo, ufundi unaanzia shilingi ngapi, aje na nini, na afanye nini sasa hivi. Ukimpa hayo umemheshimu. Ukimwandikia "karibuni nyote, oda zinaendelea, bei ni poa, njoo inboksi", umemtwika kazi ya kuuliza, na watu wengi hawapendi kuuliza bei kwa sababu wanaona wakishauliza ni lazima wanunue.

Nafasi hupatikana kwa hesabu. Fundi wetu anajua kwamba gauni la kitenge lenye bitana humchukua siku moja na nusu, tangu kukata mpaka kupiga pasi. Wiki yake ya kazi ni siku sita, kwa hiyo anatoa magauni manne. Katika wiki anayoipangia tayari ameshika advansi za mawili. Nafasi ni mbili. Anaandika mbili. Asiandike "chache sana, wahi!", maana neno hilo limechoka, na watu wanaliona kila wiki kwa mafundi ambao nafasi zao haziishi.

Msimu nao unasema. Mwezi wa Ramadhani mafundi wengi wa pwani hufunga kupokea oda za Idd kabla ya mwezi kuisha, kwa sababu mwezi ukiandama hakuna kesho nyingine ya kumwambia mteja. Ukiwa na tarehe yako ya kufunga, itaje kwenye mwaliko mapema na uishike. Ukipokea kitenge cha shoga yako tarehe 27, wengine watajua.

Bei sema "kuanzia", na useme ni ya nini. Ufundi peke yake ni jambo moja, ufundi na bitana na zipu ni jingine, na kitambaa ni jingine kabisa. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja huanzia kwenye bei iliyotajwa bila kusemwa inabeba nini.

Hatua ya kuchukua iwe moja, tena nyepesi. Ukisema "piga, tuma ujumbe, njoo dukani au tembelea ukurasa wetu", atasema atafanya baadaye. Kwa kazi ya kushona, hatua inayofaa ni kutuma picha ya mshono anaoutaka na tarehe ya shughuli. Picha inakuonyesha ugumu wa kazi, tarehe inakuonyesha kama unaweza, nawe unajibu kwa bei kamili badala ya kubahatisha.

Posti nzima basi inakuwa hivi, chini ya picha ya ujumbe:

"Asante dada yangu. Ulinieleza mapema lile la kwanza lilivyokubana, ndiyo maana nilikupandishia kwapa na nikakuinuisha mikono siku ya kujaribu. (Ameniruhusu kuweka ujumbe wake.)

Hiyo ilikuwa oda ya dharura, yenye nyongeza yake. Kwa kawaida gauni nalitoa siku kumi baada ya kupokea kitambaa na vipimo.

Kwa wiki ya kuanzia tarehe 14 nina nafasi mbili. Ufundi wa gauni la kitenge unaanzia 35,000, pamoja na bitana na zipu; kitenge unakuja nacho. Ukiwa na shughuli, nitumie picha ya mshono na tarehe, nitakwambia kama nitaiwahi."

Bei na tarehe ni za mfano; weka zako. Maneno ya mwisho, "nitakwambia kama nitaiwahi", ndiyo upole wenyewe: yanakiri kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Maelezo marefu yaliyo chini ya picha hukatwa, na msomaji hulazimika kubonyeza ayaone yote. Kwa hiyo gawa posti mara tatu: kwanza picha ya gauni, pili ujumbe wa mteja na asante yako pamoja na maelezo ya siku, tatu mwaliko peke yake. Zaidi ya hapo, vile vistari vya juu vinakuwa vidogo kama punje, na watu wanaruka.

Nani anaiona

Fundi mwingine ana posti nzuri na hajui kwamba hakuna anayeiona. Kwa mpangilio wa kawaida wa WhatsApp, Status yako huonwa na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, haionekani. Wateja wengi huchukua namba ya fundi kwenye kikaratasi, wanapiga mara moja, basi. Kwa hiyo siku mteja anapochukua nguo, mwombe aihifadhi namba hapohapo mbele yako, nawe uhifadhi yake, kwa jina utakalolikumbuka.

Kwenye Instagram kipengele cha Story nacho hukaa saa 24, lakini ukiweka kwenye Highlights, yale maduara yaliyo chini ya jina lako, kinabaki mpaka ukitoe mwenyewe. Huko ndiko pa kutunzia jumbe nzuri. Ila hakikisha ruhusa uliyopewa ilihusu na kubaki huko. Aliyekubali siku moja kwenye Status hajakubali mwaka mzima Instagram.

Na usitunge ujumbe. Wapo wanaojitumia sifa kwa simu ya pili, na wanajulikana haraka: wateja watano wote wanaandika kwa mtindo mmoja, hakuna anayetaja nguo gani wala shughuli gani, na saa za jumbe zimepishana dakika mbili. Wengine hupachika ujumbe wa kweli chini ya picha ya mshono waliyoichukua kwenye ukurasa wa fundi wa Lagos au Accra. Hao ndio wanaojiponza vibaya zaidi, kwa sababu mteja atakuja na picha hiyohiyo aseme, "Nataka kama hili ulilomshonea yule."

Posti ikishapanda, kaa karibu na simu jioni hiyo. Anayekuandikia "bei?" peke yake mjibu kwa bei ya kuanzia na umwombe picha na tarehe. Anayetuma picha na tarehe mjibu kwanza. Na oda ya pili ikishalipiwa advansi, ingia ufute ule mwaliko, uandike: "Nafasi za wiki ya tarehe 14 zimejaa, zinazofuata ni za tarehe 21."